Kwa dada yangu Halima, kuhusu mkopo ulioniomba

Dada yangu mpendwa Halima,

Asalaam aleikum. Natumaini wewe, shemeji na watoto mnaendelea vizuri huko Jinja. Ujumbe wako wa sauti niliusikia juzi usiku, nikausikiliza tena asubuhi kabla sijafungua duka, kwa sababu jambo uliloniambia ni zito na sikutaka kukujibu harakaharaka huku wateja wamesimama mbele yangu. Nimeona nikuandikie, ili uweze kunisoma kwa utulivu.

Jibu langu, dada, ni kwamba sitaweza kukukopesha hizo shilingi 1,500,000 ulizoniomba kwa ajili ya duka lako la ushonaji, wala sehemu yake. Nimelitanguliza neno hili kwa makusudi, maana nisingependa usome barua nzima ukiwa na tumaini halafu nilikate mwishoni.

Unastahili kujua sababu, na sitakuficha. Mwezi wa tisa shule zinafungua muhula wa tatu, na Swaleh wangu yuko Kidato cha Nne, ndio muhula anaofanyia mtihani wa UCE, kwa hiyo ada yake haiwezi kungoja. Dawa za presha za mama nazinunua mimi kila mwezi tangu kaka aache kazi. Fedha zangu nyingine ziko kwenye kikundi chetu cha akiba hapa Busia, ambako tumekubaliana kwamba hakuna anayetoa hisa zake kabla ya mgawo wa Desemba; na hata kama wangeniruhusu, zile nimezitenga ziwe mtaji wa dagaa wa mukene, kwa sababu msimu uliopita bei ya gunia ilipanda nikabaki nanunua nusu ya mzigo niliouzoea. Nimepiga hesabu hizi kwa njia nyingi, dada, nikitafuta mahali pa kubana, na kila nilipobana nilikuta ninagusa shule ya mtoto au dawa za mama.

Hata hivyo, fedha siyo sababu pekee, na ningekuwa ninakudanganya kama ningeishia hapo. Nilipokupa zile 700,000 za mashine ya ovaloki, tulikuwa bado tunapigiana simu karibu kila jioni, unanieleza mteja gani amekusumbua na nani ameolewa. Baada ya zile 500,000 za matibabu ya Shamim, simu zikapungua, na kila ulipopiga ulianza kwa kuomba radhi kuhusu deni kabla hata sijakuuliza hali. Wakati wa Idi ulipita Busia ukienda kwa wakwe zako ukarudi bila kuingia kwangu, na nilipopata habari sikukasirika, nilihuzunika, kwa kuwa nilijua ni deni lililokufanya upite mbali. Tumejuana tangu tukiwa wasichana Bombo, tukigawana sare na sabuni, na mimi sina ndugu mwingine wa kike. Nikikuongezea 1,500,000 juu ya 1,200,000 zilizopo, naogopa kwamba nitakupoteza kabisa, na hilo silikubali hata kidogo.

Kwa hiyo naomba tulitoe hilo deni la zamani kwenye mazungumzo yetu. Sitakudai mpaka duka litakaposimama tena, na likisimama utanitumia kwa simu shilingi 50,000 kwa mwezi, au pungufu yake mwezi ukiwa mgumu, bila maelezo na bila kuomba radhi. Nimeliandika hivyo kwenye daftari langu, na nimemwambia mume wangu, ili pasiwe na mtu wa nyumba yangu atakayekuuliza jambo jingine.

Sasa kuhusu huyo mwenye nyumba anayekutishia kufunga duka mwisho wa mwezi kwa kodi ya miezi miwili. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 hairuhusu mpangaji kuondolewa bila amri ya mahakama, na inahusu vyumba vya biashara pia, siyo nyumba za kuishi tu. Sikuambii haya ili ugombane naye wala uache kulipa, kwa sababu kodi ni haki yake. Nataka tu usiende kwake ukiwa na hofu. Nenda na mwenyekiti wa LC1 au mtu mzima mnayeheshimiana naye wote wawili, umpe kiasi ulicho nacho, mwandikiane namna utakavyomaliza salio, na kila mmoja abaki na nakala yenye sahihi. Mtu aliyepangisha chumba miaka yote hii bila matatizo na wewe atapenda zaidi kulipwa kidogokidogo kuliko kuanza kutafuta mpangaji mgeni.

Lingine ni la kazi. Binti wa kaka yangu anatambulishwa Desemba, na wanawake sita wa upande wetu wanahitaji gomesi mpya. Nimekwisha kuzungumza nao. Wamekubali kazi ije kwako, watanunua kitambaa wenyewe, na watatoa nusu ya malipo ya ushonaji mara tu utakapochukua vipimo, kwa hiyo hutalazimika kununua robota la kitambaa kwa mkopo ndipo uanze kushona. Sikukutafutia kazi hii kwa huruma. Gomesi uliyonishonea mimi, mabega yake yamesimama mpaka leo baada ya kufuliwa mara nyingi, na mshipi haujakunjamana. Shangazi aliishika mkononi akageuza pindo kutazama mshono wa ndani, ndipo akauliza fundi ni nani. Naamini kazi yako ikionekana siku ile, mbele ya wageni wote wale, wengine watakufuata.

Uliniambia pia kwamba ukikosa kwangu utakwenda kwa wakopeshaji wa pale mjini. Hapa nakusihi kama mdogo wako. Riba yao huhesabiwa kwa mwezi, na biashara ya ushonaji haizai faida ya haraka kiasi hicho. Ikiwa lazima ukope, uliza kwanza kama mkopeshaji ana leseni, soma karatasi yote kabla ya kutia sahihi, na usimwachie mtu kitambulisho chako cha taifa kama dhamana, kwa sababu bila hicho hata laini ya simu utashindwa kusajili. Na kwa kuwa ni vyema nilimalize hili pia, sitaweza kukuwekea sahihi ya udhamini popote, kwani udhamini ni deni langu siku utakapokwama.

Ninachoweza kukupa, nakupa bila kurudishwa. Ijumaa dereva wa basi atakuletea mfuko wa mukene na mchele wa watoto, utampokea pale steji saa nane mchana. Na kama Shamim angependa kuja kukaa nami likizo ijayo ili wewe upate nafasi ya kushona, mlete, kitanda kipo.

Najua barua hii itakuuma, na ukitaka kukaa kimya siku chache kabla ya kunijibu nitaelewa. Lakini Jumapili baada ya swala ya alasiri nitakupigia, na sitazungumzia fedha. Nataka kusikia hali ya Shamim, na unipe siku utakayoweza kuja Busia kuchukua vipimo vya akina mama, ili niwaarifu mapema.

Msalimie shemeji, na umwambie mama mkwe wako kwamba namkumbuka.

Mdogo wako,
Zainabu