Maoni ya msahihishaji: “Mashahidi wa Uganda na mwanzo wa Ukristo Buganda, 1877–1887”

Deogratias,

Nimeisoma kazi yako hadi mwisho, pamoja na kila ukurasa wa mtandaoni ulioutaja. Kiswahili chako kimenyooka na mpangilio wa sura ni mzuri. Ukurasa wa 9, unapoeleza jinsi vijana wa ikulu walivyokuwa wakijifunza kusoma, ndio mahali pekee nilipoona mwanahistoria akifanya kazi. Kwingineko nilisikia mhubiri. Mahubiri yake si mabaya, ila hiki si kipindi cha mahubiri. Nimekupa alama 46 kati ya 100, na nakuruhusu kuandika upya.

Hesabu ya tanbihi zako inaeleza mengi. Ziko 31. Kati ya hizo 19 ni tovuti, 8 ni vijitabu vya novena na fafanuzi za Biblia, na nne tu ndizo zinazotaja kitabu cha historia. Hizo nne zote ni kitabu kimoja cha Faupel, tena kurasa mbili tu.

Nianze na tovuti. Katika ukurasa wa 4 umeandika kwamba “vyanzo vitatu vinakubaliana” kuwa mashahidi wote waliuawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Nimezifungua zote tatu. Hazikubaliani, zimenakiliana. Aya ni ile ile, hata kosa la tahajia katika jina la Mulumba limejirudia mahali pale pale. Hakuna jina la mwandishi, hakuna tarehe, hakuna dokezo la habari zilikotoka. Ulichonacho hapo ni chanzo kimoja kisicho na mwenyewe. Habari yenyewe pia si kweli. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Andrea Kaggwa aliuawa tarehe 26 Mei 1886. Matiya Kalemba Mulumba aliachwa afe taratibu Kampala ya Kale, si Namugongo. Nowa Mawaggali alifia Mityana. Yohana Maria Muzeyi aliuawa tarehe 27 Januari 1887, yaani miezi saba na zaidi baada ya moto wa Namugongo. Majina haya yote yamo ndani ya kitabu cha Faupel unachokitaja, na ungesoma zaidi ya kurasa mbili ungekutana nayo.

Kosa hili nalisisitiza kwa sababu limebomoa hoja yako. Ukishakusanya vifo vyote katika siku moja, unalazimika kutafuta sababu moja, na ndivyo ulivyofanya kwa Mwanga, Kabaka wa Buganda wakati huo: “Mwanga alimchukia Kristo.” Ukivitawanya vifo hivyo kama vilivyotokea, kuanzia Januari 1885 hadi Januari 1887, mambo yanaanza kuonekana. Vijana watatu wa Kianglikana, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, waliuawa tarehe 31 Januari 1885, Mwanga akiwa na miezi michache tu kwenye kiti. Oktoba mwaka huo Askofu Hannington aliuawa Busoga. Alikuwa ametoka pwani akapita nchi ya Wamasai, akawa anaikaribia Buganda kutoka mashariki, upande ambao Waganda waliamini ndiko atakakotokea mtu wa kuimeza nchi. Wakati huo huo habari za Wajerumani kujitwalia ardhi bara na kumtisha Sultani Barghash kwa manowari zilikuwa zimeshafika ikulu. Balikuddembe alimkemea Kabaka kwa kumuua Hannington, naye akauawa wiki mbili baadaye. Halafu ikaja Mei 1886, Mwanga anarudi kutoka kuwinda viboko, ikulu haina watu, na anagundua kwamba Denis Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha dini Mwafu, mtoto wa katikiro, waziri mkuu wa Kabaka, mwenyewe.

Hapo kuna hofu ya kutekwa, kuna suala la nani anatiiwa ndani ya ikulu, kuna vijana waliokataa matakwa ya kimwili ya Kabaka, na kuna kijana mwenye enzi ambaye hakuwa hata amefikisha miaka ishirini. Wanahistoria wanabishana kila moja lilikuwa na uzito kiasi gani. Wewe hukubishana na mtu. Tovuti yako moja ilisema “kwa sababu ya tamaa zake chafu”, nyingine “kwa sababu Shetani alimwingia”, ukaziunganisha kwa neno “na”.

Sasa vijitabu vya ibada. Hapa naomba unielewe vizuri, maana najua unatoka katika familia inayohiji Namugongo, na sina nia ya kuigusa imani ya mtu. Ukurasa wa 11 umeweka mazungumzo marefu kati ya Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana Wakatoliki wa ikulu, na mnyongaji, kwa alama za kunukuu, kana kwamba mtu alikuwa amesimama pale na kalamu. Tanbihi inanielekeza kwenye kijitabu cha tafakari za siku tisa. Nimekitafuta nikakipata. Mwandishi wake hadai kwamba anaandika historia. Anamwalika msomaji afunge macho awaze Lwanga angesema nini, kisha asali. Kazi hiyo kaifanya vizuri. Wewe ndiye uliyeuchukua mwaliko wake ukaugeuza kuwa ushahidi. Kuna maneno machache anayosimuliwa Lwanga kuyasema motoni, ya kwamba ni kama wanammwagia maji, na hayo unaweza kuyajadili: yalisimuliwa na nani, lini, na yaliandikwa mara ya kwanza wapi. Kurasa mbili za mazungumzo ni jambo jingine kabisa.

Ufafanuzi wa Danieli sura ya 3 umeutumia vibaya zaidi. Katika ukurasa wa 12 unaeleza jinsi tanuru la Namugongo lilivyoandaliwa, na chanzo chako ni kitabu kinachofafanua habari za Shadraka, Meshaki na Abednego. Mfafanuzi anataja Namugongo kwa sentensi moja tu, kama mfano wa imani kama ya wale watatu. Joto, idadi ya kuni na amri ya mfalme ulivyovieleza ni vya Nebukadreza. Namugongo hakukuwa na tanuru: watu walifungwa ndani ya mafungu ya matete, wakalazwa juu ya kuni. Nadhani hukukusudia kudanganya. Ulisoma haraka, ukiwa tayari unajua unachotaka kukiona.

Vitabu vya aina hii vinaacha pia watu nje, na umewaacha pamoja navyo. Karatasi yako ina jina la kila mmoja wa Wakatoliki 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Waanglikana 23 umewapa nusu sentensi, ingawa baadhi yao waliungua pamoja na Wakatoliki katika moto ule ule. Waislamu waliouawa na Kabaka Mutesa, baba yake Mwanga, katika miaka ya 1870, kwa kuiweka dini yao juu ya amri yake, hawamo kabisa. Bila wao huwezi kueleza kilichotokea 1886, kwa kuwa swali la nani mkubwa kati ya Mungu na Kabaka lilikuwa limeshaulizwa ikulu hiyo hiyo kabla ya Mwanga kukalia kiti. Kijitabu cha novena hakina wajibu wa kuwataja. Mada yako inao.

Mwanga naye umemwacha akiwa sanamu ya uovu hadi mwisho. Baada ya mauaji yale aliwapa Wakristo kina Nyonyintono na Apolo Kagwa uongozi wa vikosi vyake. Alipopinduliwa mwaka 1888 alikimbilia kusini mwa ziwa, na akapokelewa na Mapadre Weupe wa Bukumbi, karibu na Mwanza, watu wa shirika lile lile la padre Lourdel aliyewabatiza baadhi ya vijana ambao Mwanga aliwaua. Mwaka 1889 Wakristo ndio waliomrudisha kwenye kiti. Alifia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903, akiwa amebatizwa kwa jina la Danieli. Mtu wa namna hii haelezeki kwa “alimchukia Kristo”, na wanaomweleza hivyo huwa wanaishia mwaka 1886.

Sikukatazi mtandao. Kitabu cha Ashe cha mwaka 1889 na barua za Mackay zilizochapishwa na dada yake mwaka 1890 zinasomeka bure archive.org, kurasa zikiwa zimepigwa picha kama zilivyochapwa. Vyote hivyo umeviruka ukachukua ukurasa usio na mwandishi, labda kwa sababu ulikuwa wa kwanza kutokea. Ukivisoma, visome kwa jicho kali. Ashe na Mackay ni wamisionari, waliishi kwa hofu, na walikuwa na wafadhili Uingereza wa kuwaandikia. Apolo Kagwa alikuwapo ikuluni, alipigwa na Mwanga siku zile akanusurika, ila alichapa historia yake ya wafalme mwaka 1901 akiwa katikiro, Mwanga akiwa ameshahamishwa. Tafsiri ya Kiwanuka ya mwaka 1971 iko maktaba. Faupel ni padre, aliandika wakati Kanisa likielekea kuwatangaza watakatifu, na ametumia ushuhuda uliokusanywa kwa ajili ya mchakato wa 1920 wa kuwatangaza wenye heri. Wote hawa wana upande. Tofauti yao na tovuti zako ni kwamba upande wao unaujua, kwa hiyo unaweza kuupima. Ongeza makala ya John Rowe katika Journal of African History ya 1964, inayoyapitia upya mauaji haya. Usiinukuu kabla hujaona anajibu nini na kwa ushahidi gani.

Vijitabu vya novena usivitupe. Virudishe katika sura ya mwisho, ambayo kwa sasa ni aya mbili za kusifu. Viulize maswali yao wenyewe: vilichapwa lini, kwa lugha gani, vinamwonyesha Mwanga vipi, nani hatajwi. Vya kabla ya 1964 vinasimulia kama vya baada yake? Hapo vitakuwa chanzo halali kabisa cha jinsi waumini wa Afrika Mashariki wanavyowakumbuka mashahidi, na sidhani kama kuna mwenzako darasani aliye navyo vingi kama wewe. Bibi yako, uliyemshukuru ukurasa wa kwanza, huenda ana vya zamani zaidi. Mwombe uvipige picha majalada na ukurasa wenye jina la mchapaji.

Kuhusu ukurasa wa 6, mstari wa “damu ya mashahidi ni mbegu”: unatoka kwa Tertuliano wa Karthago, na uliuandikia “methali ya Kiganda”. Rekebisha.

Nataka kwanza orodha mpya ya vyanzo, si karatasi nzima, Ijumaa tarehe 14. Kwa kila chanzo niandikie sentensi mbili: nani aliandika na lini, na alijuaje anachokisema. Chanzo ambacho huwezi kukiandikia sentensi hizo kiache nje. Tukishakubaliana juu ya orodha utakuwa na wiki tatu za kuandika. Nipo ofisini Jumanne na Alhamisi mchana. Njoo na daftari lako la maelezo, maana nataka kuona ulivyokuwa ukisoma ule ukurasa wa 9.

Mwalimu wako wa semina