Skripti ya video: Mwanga na fremu, simu tu inatosha

[Tunaanzia nje ya kibanda cha nguo za mitumba, Mbuyuni, Moshi, saa mbili na nusu asubuhi. Simu ya kwanza ninayo mkononi, simu ya pili anashika mdogo wangu. Hakuna intro ya muziki, naanza kuongea hapo hapo.]

Mambo vipi watu wangu. Leo tuko Mbuyuni na nimekuja na simu moja ya kawaida kabisa, haina stendi wala taa ya duara, maana wengi mnaniuliza ninunue kamera gani wakati simu mliyonayo hamjaijua bado. Tunafanya vitu viwili tu leo, mwanga na fremu, afu tunaenda nyumbani.

Kwanza kabisa futa lenzi. Sasa hivi, nasubiri. [Nafuta kwa pindo la fulana, kamera ya pili isogee karibu.] Simu inashinda mfukoni na mikononi, mafuta ya vidole yanabaki kwenye kile kioo, ndo maana picha zako zina ukungu na taa zinatawanyika, afu unailaumu simu.

Haya, twende kwa dada hapa, nimeshamuomba ruhusa. Na hilo naomba ulizingatie sana, sokoni usimpige mtu picha kabla hujamuomba, akikataa unashukuru unapita.

[Dada amekaa chini ya mwavuli, nyuma yake barabara inawaka jua.]

Napiga hivi hivi alivyokaa. Ona. [Picha iwe skrini nzima sekunde nne.] Uso umekuwa mweusi tii, macho hayaonekani, barabara nyuma ndo imetoka vizuri. Kilichotokea ni kwamba simu inapima mwanga wa fremu yote, imeona barabara inang'aa sana ikapunguza, na uso uliokuwa kivulini ukazama. Hapa ndipo watu wanapokimbilia filta ya kung'arisha, dada anatoka na uso wa rangi ambayo si yake na shingo ya rangi nyingine, na mimi hiyo inaniuma jamani, kwa sababu ngozi yake haina tatizo lolote, tatizo ni mahali alipokaa. Kwa hiyo usiguse filta, mhamishe mtu.

"Dada samahani, ingia hapo mlangoni kwenye kibanda afu ugeukie nje."
"Hapa?"
"Rudi hatua moja nyuma, jua lisikuguse kabisa. Hapo hapo."
"Nicheke?"
"Hapana, angalia barabarani tu kama unamtafuta mteja."

[Picha ya pili, skrini nzima, muda mrefu kuliko ile ya kwanza.]

Simu ni ile ile na nguo ni ile ile, sijabadilisha seting hata moja. Sasa angalia macho yake, kuna kidoti cheupe ndani ya kila jicho, huo ni mlango unajionyesha, na kile kidoti ndo kinafanya mtu aonekane yuko hai kwenye picha. Angalia na shavu la kushoto, linang'aa kidogo, afu rangi inashuka polepole mpaka upande wa kulia unaingia kivulini. Ngozi nyeusi inapenda mwanga mpana unaotoka pembeni namna hii, inaonyesha umbo la uso wote. Mlango, dirisha, veranda, vyote vinakupa huu mwanga na ni bure.

Kitu cha mwisho hapa. Gusa uso wake kwenye skrini, ushikilie kidole mpaka ijifunge, kwenye iPhone itaandika AE/AF LOCK, kwenye Android nyingi utaona alama ya kufuli. Patatokea kijua kidogo pembeni, kivute chini kidogo tu. Simu nyingi zikiona uso mweusi zinauongezea mwanga mpaka paji la uso linaungua, sasa ukivuta chini rangi yake ya kweli inarudi. Usivute sana.

[Kata. Tunahama kwa miguu, naongea tukitembea.]

Saa za kupiga. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, jua letu linapanda wima haraka, kwa hiyo ule mwanga mzuri wa dhahabu haukai. Ukitaka wa asubuhi uwe umeshafika saa kumi na mbili na nusu, saa mbili unusu kama saa hizi tayari ni mkali, ndo maana nimemuingiza dada ndani. Jioni anza saa kumi na moja. Mwezi wa tatu na wa kumi ndo kuna siku linasimama juu ya kichwa kabisa, kama saa sita na nusu mchana, macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili meusi, mpeleke kivulini tu. Chini ya mwembe sawa, ila hakikisha matundu ya majani hayamwagi madoa ya jua usoni. Na ule mwezi wa saba wenye mawingu mnaoulalamikia, mi naupenda, wingu ni kama shuka limetandazwa juu ya mji mzima, unaweza kupiga uso wa mtu hata saa saba mchana. Flashi zima, inafika hatua chache tu mbele yako na inaufanya uso uwe bapa.

[Shanty Town, barabara yenye miti, mlima uko wazi. Kama wingu limeshafunika tunarudi kesho saa moja, hiki kipande hatukifanyi bila mlima.]

Fremu sasa. Washa gridi, iPhone ni Settings > Camera > Grid, simu nyingine ingia seting ndani ya kamera yenyewe uitafute. Mistari miwili imelala miwili imesimama. Watu wengi wakiuona mlima wanaweka mtu katikati kabisa, Kibo anatokea kama kichuguu nyuma ya sikio, mita 5,895 zote zimepotea. Mweke mtu kwenye mstari wa kulia, macho yake yawe usawa wa mstari wa juu, Kibo akae kushoto. Afu wewe rudi nyuma hatua nyingi na utumie 2x. Ukirudi nyuma mtu anapungua ukubwa ila mlima uko mbali mno haupungui, ukivuta kwa 2x vyote vinakuja pamoja na mlima unakuwa mkubwa nyuma yake. Ila usivute mpaka 8x au 10x kwenye simu ya kawaida, hapo simu inakata picha na kuitanua tu, utapata chengachenga.

Kabla hujabonyeza pitisha jicho kwenye kingo zote nne. [Naonyesha kwa kidole kwenye skrini.] Hapa kuna nguzo ya umeme inamwota kichwani, nasogea hatua moja kushoto, imeondoka. Miguu usiikate kwenye kifundo wala gotini, kata katikati ya paja au muache mzima. Na mtoto mpige ukiwa umechuchumaa, simu iwe usawa wa macho yake.

Mistari ya miti hii inavuta jicho hadi kwa mtu, itumie. Reli hapana jamani, treni ya abiria ilirudi Moshi 2019, usimsimamishe mtu relini kwa ajili ya picha.

Kazi yako, mtu mmoja, mlango mmoja, picha tatu: akiangalia nje, akiupa mlango ubavu, akiupa mgongo. Usiweke filta. Nitumie WhatsApp kama dokumenti, ukituma kawaida inabanwa na mi nataka kuona yale macho vizuri. Video ijayo nafungua zenu tunaziangalia moja moja.

[Kata.]