Kabla ya Wimbo wa Baba

Asanteni. Wimbo unaofuata nilimtungia marehemu baba, na kuna mistari ambayo watu huniuliza kila nikishuka jukwaani, kwa hiyo leo naieleza mapema.

Mtasikia, "Kikohozi mara mbili, mlango uko wazi." Baba hakuwa mtu wa kubisha hodi kwake. Alikohoa nje, mara mbili, nasi watoto tukagombania komeo. Ndiyo hivyo tu, hakuna fumbo.

Wa pili ndio unaozua maneno: "Uliniambia nyamaza, nami naimba." Wengine wanadhani namsuta. Hapana jamani! Ni kweli hakutaka niimbe, alisema muziki haulishi mtu, na hapo hakukosea sana. Lakini nikifanya mazoezi chumbani, redio yake ilizimwa ghafla. Nikinyamaza, inawashwa. Hatukuwahi kulizungumza hilo, yeye wala mimi.

"Koti liko msumarini" ni koti lake. Mama hataki liguswe.

Kiitikio ni chepesi, mkikishika tuimbe wote. Kaka wa gitaa, nishushie sauti kidogo, koo langu leo si zima.