Mashine ya salfa ya Bi Somoe: swali la kuchagua na ufafanuzi wa jibu

Soma kisa, chagua jibu moja, andika sababu yako kwa sentensi mbili, kisha ndipo usome ufafanuzi. Dakika kumi na tano zinatosha. Sheria inayohusika ni Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345.

KISA

Bi Somoe ana mikorosho mia na ishirini Tandahimba. Mwanzoni mwa Juni, ugonjwa wa ubwiri unga ulipoanza kuonekana kwenye machipukizi, alipanda gari hadi Masasi kwa Salumu, ambaye hununua mashine za kupulizia salfa zilizotumika na kuziuza tena. Salumu akamtolea moja ya kubeba mgongoni, imepakwa rangi, inang'aa.

"Mama, hii ndiyo mashine bora Kusini nzima. Ukipulizia na hii utavuna mpaka ukose pa kuanika."

"Injini yake imewahi kufunguliwa, mwanangu?"

"Haijaguswa hata nati. Imefanya kazi msimu mmoja tu."

"Kama haijafunguliwa, naichukua."

Aliiwasha, ikanguruma vizuri, akalipa shilingi 1,100,000 taslimu. Siku ya tatu shambani ikazima. Fundi alipoifungua alikuta pistoni imeshabadilishwa na silinda imechubuka. Kwa macho yake ilikuwa imefanya kazi si chini ya misimu minne. Mashine ya msimu mmoja isiyofunguliwa ingestahili bei ile aliyolipa. Hii, kwa hali aliyoiuziwa nayo, ina thamani ya 650,000, na matengenezo ya kuifanya iwake tena ni 280,000. Siku hiyohiyo Bi Somoe alimpigia Salumu simu akitaka arudishiwe fedha yake.

Salumu anajibu kwamba hakujua. Aliinunua kwa mtu bila kuuliza historia yake, akaona rangi safi, akaamini haijafunguliwa. Chukulia kwamba anasema kweli.

SWALI

Ni maelezo gani sahihi kuhusu hali ya Bi Somoe kisheria?

A. Yote aliyosema Salumu ni sifa za biashara. Mnunuzi alipaswa kujihadhari mwenyewe, na hana nafuu yoyote.

B. Kauli zote za Salumu ni maelezo potofu, kwa hiyo mkataba ni batili tangu mwanzo.

C. "Bora Kusini nzima" na "utavuna mpaka ukose pa kuanika" ni sifa za biashara. "Haijaguswa" na "msimu mmoja" ni maelezo potofu. Mkataba unabatilika kwa hiari ya Bi Somoe: anaweza kuutengua, au kuushikilia na kudai awekwe mahali ambapo angekuwa kama maelezo yangekuwa kweli.

D. Kauli zimegawanyika kama ilivyo kwenye C, lakini kwa kuwa Salumu hakukusudia kudanganya, Bi Somoe anastahili gharama za matengenezo tu, 280,000.

UFAFANUZI

Jibu ni C.

Anza na kuzitenganisha kauli, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Kipimo ninachokitumia darasani ni hiki: je, unaweza kumsimamisha shahidi mahakamani akaapa kwamba kauli ile ni kweli au si kweli? Nani ataapa kuhusu mashine "bora Kusini nzima"? Bora kwa nini, kwa uzito, kwa mafuta, kwa mlio wake? Hakuna pa kushika. Na mavuno yanategemea mvua, udongo na mkono wa mpuliziaji. Bi Somoe, mkulima, anayajua hayo kuliko Salumu. Hizo ni sifa za biashara. Lakini iwapo injini iliwahi kufunguliwa, fundi anaweza kuapa, na hapa amekwisha kuona kwa macho yake. Kauli ya namna hiyo, ikiwa si kweli, ni maelezo potofu.

Mahakama za Uingereza, ambazo maamuzi yake husomwa kwetu kama mwongozo bila kutufunga, zilishapita njia hii. Katika Dimmock dhidi ya Hallett, 1866, kuiita ardhi yenye rutuba na inayoweza kuendelezwa kulionekana ni maneno ya mnada tu. Katika Carlill dhidi ya Carbolic Smoke Ball, 1893, kampuni iliyoahidi pauni 100 kwa atakayeugua mafua baada ya kutumia dawa yake ilijitetea kwamba tangazo lilikuwa majigambo. Mahakama ya Rufani ilikataa: tangazo lenyewe lilisema pauni 1,000 zimewekwa benki kuonyesha kwamba kampuni haitanii. Kesi ile ilihusu ahadi, si maelezo potofu, lakini somo lake linatufaa. Kauli inapopewa uzito na msemaji mwenyewe, haiwezi tena kujificha nyuma ya neno "sifa".

Na angalia kisa chetu: kauli ya injini haikuropokwa. Iliulizwa, ikajibiwa, na mnunuzi akasema wazi kwamba jibu hilo ndilo linalomfanya anunue. Ridhaa yake ilisimama juu ya kauli ile. A imeanguka.

D ndiyo inayowashika wanafunzi wazuri, kwa sababu ina huruma ndani yake. Salumu si tapeli. Kifungu cha 17, kinachohusu udanganyifu, kinamtaka mtu aseme jambo asiloliamini kuwa kweli, na Salumu aliliamini. Ila kifungu cha 18 hakiulizi moyo wake. Kinamkamata anayetamka kwa uhakika jambo lisilo kweli bila kuwa na taarifa zinazomruhusu kutamka hivyo, hata kama analiamini. Rangi safi si taarifa kuhusu pistoni. Angeweza kusema "sijui, mama," na pasingekuwa na kesi. Kifungu cha 19 kinayaweka maelezo potofu pamoja na udanganyifu: yote mawili huufanya mkataba ubatilike kwa hiari ya aliyepotoshwa.

Sasa nafuu. Akitengua, anarudisha mashine na kupokea 1,100,000 yake. Hawezi kubaki na vyote viwili. Akiona msimu unamkimbia na mashine anaihitaji, anaweza kuushikilia mkataba, na hapo kipimo ni tofauti kati ya thamani iliyoelezwa na thamani halisi: 1,100,000 kutoa 650,000, yaani 450,000. Linganisha na 280,000 za D. Matengenezo yanaifanya mashine iwake. Hayaifanyi iwe ya msimu mmoja. Uamuzi wa njia ipi ni wa Bi Somoe, si wa Salumu.

B inakosea mara mbili, kwa kuchanganya kauli na kwa kusema "batili". Mkataba batili haumngoji mtu auamue. Mkataba unaobatilika uko hai mpaka aliyepotoshwa autengue, na ndiyo maana kuchelewa kunaweza kumponza.

GEUZA KISA

Kwanza: Bi Somoe anaambiwa na fundi ukweli wote, anaitengeneza, anapulizia hadi Agosti, kisha ndipo anadai kutengua. Amechelewa. Kwa matendo yake ameukubali mkataba akijua kila kitu.

Pili: kabla ya kulipa, aliona nati za hedi zimekwaruzwa na spana na mafuta yamevuja kwenye gasketi, akanyamaza. Kifungu cha 19 kina mlango kwa ajili ya Salumu: penye maelezo potofu yasiyo ya udanganyifu, mkataba haubatiliki ikiwa aliyepotoshwa alikuwa na njia ya kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Kwa dalili alizoziona Bi Somoe, Salumu anaweza kuupita. Katika kisa cha mwanzo mlango huo umefungwa, kwa sababu injini iliwaka vizuri na hakuna mkulima anayetegemewa kufungua hedi dukani.

Tatu: Salumu ndiye aliyeibadilisha pistoni ile kwa mikono yake mwenyewe. Tumetoka kifungu cha 18 na kuingia cha 17, na Salumu hawezi tena kusema kwamba mnunuzi angechunguza zaidi angegundua.