Nyumba Hii Iuzwe

Maandishi ya ukutani niliyachora mwenyewe. Bibi alikuwa amechoka na madalali waliokuja kila siku kudai kwamba wametumwa na mwenye nyumba, hali mwenye nyumba ni yeye. Akanunua rangi nyekundu, akanipa brashi, akasimama nyuma yangu mpaka nikamaliza: NYUMBA HII HAIUZWI. Chini yake, kwa herufi ndogo: MATAPELI KAENI MBALI.

Miaka miwili ikapita. Mwasumini ulioko karibu na geti ukakua, ukaegemea ukuta, na hakuna aliyejali kuukata maana ulikuwa unanukia vizuri.

Siku ya kisa chenyewe tulikuwa tunasubiri mgeni. Shangazi alikuwa amempigia Bibi simu usiku uliotangulia: kuna kijana anataka kuja kuniulizia, ni mtu wa heshima, na huenda akaja hata kesho. Sikuulizwa. Niliambiwa tu nikae chumbani mpaka nitakapoitwa. Nilikubali kwa sababu ya Bibi, ila pazia nililisogeza kidogo ili nisipitwe na neno.

Saa nne hodi ikapigwa. Aliyeingia alikuwa mgeni wa mbali kweli, msafiri mwenye viatu vyenye vumbi na shati lililonyooshwa kwa juhudi. Mkono mmoja alishika simu, mwingine alishika karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameandika sentensi zake humo, na alizisoma polepole kama mtoto anayesoma mbele ya darasa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

Akakaa ukingoni mwa kiti, akafungua karatasi.

"Nimeiona jana jioni. Nimeipenda sana."

Bibi akatikisa kichwa kwa upole. Kwamba alisema *nimeiona* badala ya *nimemwona* hakumlaumu. Mgeni akijitahidi kusema lugha yako, humhesabii ngeli.

"Ulimwona wapi?"

"Barabarani. Nilipiga picha."

Nyuma ya pazia nikajishika kifua. Jana jioni nilikuwa nimetoka kuanua nguo.

"Picha," Bibi akarudia.

"Ndiyo. Nilimwonyesha mke wangu. Na yeye ameipenda."

Kimya. Nilisikia kikombe kikiwekwa juu ya meza kwa utaratibu ambao kwa Bibi si dalili njema.

"Una mke?"

"Ndiyo, bibi. Tutakaa wote pamoja. Na watoto wawili." Akatabasamu kwa furaha ya mtu aliyejibu swali gumu. Halafu akashuka mstari mmoja kwenye karatasi yake. "Ina miaka mingapi?"

"Ishirini na saba," Bibi akajibu, sauti imekauka.

"Oo! Bado nzuri. Nilidhani hamsini."

Hapo nilitaka kutoka. Sikutoka, kwa sababu nilitaka kusikia Bibi atajibu nini, na Bibi hakuniangusha.

"Hamsini anazo mama yako! Wamekuja wengi hapa, nami nimewarudisha wote."

Yule msafiri alishika maneno ya mwisho tu, na yalimtia wasiwasi. Wengi wamekuja! Akaona asipofanya haraka atachelewa. Akainuka, akasogea ukutani, akagonga kwa kidole mara mbili, akasikiliza, akaridhika. Bibi alikuwa anamtazama kama anavyotazama mbuzi aliyeingia sebuleni. Kisha yule bwana akarudi kwenye karatasi yake, akatafuta sentensi, na akaisoma kwa heshima yote aliyokuwa nayo:

"Tafadhali, bibi, kabla ya kuzungumza bei, naomba kuiona nyuma."

Bakora ya Bibi hukaa pembeni ya kiti chake. Sikuiona ikiinuka; niliiona tu ikiwa tayari juu. Msafiri akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, karatasi ikaanguka, naye akawa anasema "samahani, samahani" bila kujua anaomba msamaha wa nini. Nikatoka mbio, nikasimama katikati yao.

"Bibi, subiri! Bwana, umekuja kutazama nini?"

"Nyumba," akasema, akanyoosha kidole juu, chini na pande zote nne. "Nyumba! Nimesoma tangazo."

"Tangazo gani?"

Akanipa simu. Picha ilikuwa imepigwa kutoka ng'ambo ya barabara, kwa kukimbilia, simu imelala upande. Tawi la mwasumini lilikuwa limeangukia katikati ya maandishi, na ukingo wa chini wa picha ulikuwa umekata mstari wa pili wote. Hakukuwa na matapeli hata mmoja. Yaliyobaki yalikuwa NYUMBA HII, majani, halafu IUZWI.

Nilielewa papo hapo, maana kazi ya kunyoosha lugha za watoto darasani ndiyo inayonipa riziki. Kitenzi kama hiki hubeba ukanushi wake sehemu mbili: *ha* mbele na *i* mwishoni. Mwasumini ulikuwa umeimeza *ha*. Programu ya kutafsiri ikakuta *iuzwi*, neno ambalo halisimami peke yake, ikadhani aliyechora ukuta amekosea herufi moja, ikamsahihishia: *iuzwe*. Kutoka hapo ikamwandikia kwa lugha yake kwamba nyumba hii inatakiwa kuuzwa. Naye hakuvuka barabara kutazama tena. Hatua kumi na tano tu! Angeliona tawi, angelisogeza kwa mkono.

Nikamshika kiwiko nikampeleka nje. Bibi akatufuata, bakora bado mkononi. Nikalivuta tawi pembeni, na herufi zangu mbili nyekundu zikatokea, rangi yake mbichi kuliko zile nyingine kwa kukaa kivulini muda mrefu.

"Soma," nikamwambia.

"Ha... i... uzwi." Akanyamaza. Akatazama simu, akatazama ukuta. Kisha akasogea karibu na kugusa *HA* kwa kidole, kama anayeangalia kama rangi imekauka. Wekundu ukampanda kutoka kwenye kola ya shati mpaka masikioni. "Haiuzwi. Hakuna kuuza."

"Hakuna."

"Na bibi... miaka ishirini na saba?"

"Ni mimi," nikasema. "Ulikuwa unaniposa."

Ilimchukua muda neno hilo kumfikia. Alipolielewa alijifunika uso kwa mikono miwili, akachuchumaa pale pale chini ya mwasumini. Nilidhani analia, kumbe mabega yanatikisika kwa kicheko. Bibi alimtazama, akanitazama mimi, na mdomo wake ukaanza kumsaliti pembeni. Akacheka mpaka ikabidi aiegemee ile bakora aliyotaka kumpigia mtu.

"Na mkewe ameipenda!" akasema, akijifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Wote wawili wameipenda!"

Tulimrudisha ndani. Hakuonyeshwa nyuma, ila alipewa kiti cha kuegemea, na alisimulia habari za mkewe, ambaye wakati huo alikuwa kwenye nyumba ya wageni anachagua rangi ya mapazia. Alipoaga, Bibi alimsindikiza mpaka getini.

"Baba, sikiliza vizuri, usije ukakosea tena," akamwambia, akigonga ukuta kwa bakora. "Hii haiuzwi." Kisha akanielekezea mimi. "Na huyu, kwa mwenye mke, haozwi."

Msafiri akatoa simu haraka aandike neno jipya. Nikaifunika kwa kiganja.

"Kwanza nitamkie," nikamwambia. "Yote, kuanzia *ha*."