Utaratibu wa Kudhibiti Mabadiliko ya Mfumo wa Mauzo na Ghala

Badiliko lolote, hata la kuongeza safu moja tu kwenye hifadhidata, litaombwa kwa maandishi yanayoeleza sababu, sehemu zitakazoguswa na namna ya kurudisha toleo la awali, kisha litajaribiwa kwenye mfumo wa majaribio kabla ya kuidhinishwa na mtu asiye mwombaji. Usakinishaji utafanyika Jumanne saa 4 usiku, hesabu za siku zikiwa zimefungwa na nakala rudufu imehakikiwa kwa kuirejesha, maana nakala isiyowahi kurejeshwa ni matumaini tu. Stakabadhi ya majaribio isipotoka ndani ya dakika 30 baada ya usakinishaji, toleo la awali litarudishwa bila mjadala. Marekebisho ya dharura yataidhinishwa na msimamizi wa zamu kwa simu, na yataandikwa kesho yake asubuhi.