Hotuba ya mwenyekiti: jina la kikundi limepatikana

Haya jamani, tukae tusikilizane kidogo. Wale wa nyuma sogeeni mbele, nafasi ipo, na nyie mnaopiga stori huko pembeni najua mnachoongea, mnabashiri matokeo, subirini dakika chache tu ntawaambia wote kwa pamoja.

Wazee wetu, kina mama, kina baba, vijana, kamati yangu, habari za leo? Ahsanteni. Sanduku limeshafunguliwa, katibu kashaita majina, tuko 27 kati ya 28. Mwenzetu mmoja anaumwa, katuma salamu na katuma pia kura yake kwa simu, lakini kura hiyo tumeikataa na yeye mwenyewe nimemwelewesha. Mnajua katiba yetu inasema anayepiga kura awe amekaa hapa. Tukiruhusu ya simu leo kwa mgonjwa, kesho mtu atapiga akiwa safarini, keshokutwa atapiga na ya mkewe, basi itakuwa vurugu. Hisa zake atanunua akipona na pole yake ya mfuko wa jamii itaenda kama kawaida, hilo halihusiani na kura.

Sasa kwa nini tumehangaika na jina wakati miaka yote tulikuwa tunaitwa Kikundi cha Alhamisi na hela zilikuwa zinaingia vizuri tu? Hili swali kaniuliza mzee mmoja hapa, sitamtaja, anacheka mwenyewe hapo. Mzee wangu, sababu ya kwanza ni kwamba Alhamisi sio yetu peke yetu. Kuna kikundi kingine upande wa pili wa kijiji na wao wanakutana siku hiyo hiyo, watu wakawaita Alhamisi pia, na mnakumbuka ule mkasa wa barua ya mafunzo, barua ilikuwa yetu ikapelekwa kwao, wakaenda wao wakakaa siku nzima wakala na chakula chetu wakarudi na makaratasi yetu ya hesabu. Siwalaumu, hata mimi ningeenda. Sababu ya pili, tumekubaliana mzunguko huu tufungue akaunti benki, kwa sababu karibu na mgao sanduku linakuwa na hela nyingi mno kulala nyumbani kwa mtu, na mtunza sanduku wetu kasema waziwazi wiki za mwisho hapati usingizi. Kwenda benki na kusajiliwa kwa jina la siku ya wiki, tena ambalo na wenzetu wanalo, ni kujitafutia mkasa mwingine. Na alafu tukiamua kuhamisha kikao kije Jumamosi kama vijana wanavyotaka, tutaitwaje? Alhamisi ya Jumamosi?

Basi. Majina yaliletwa matano, nayataja yote kwa sababu kila moja limetoka kwenye kichwa cha mwenzetu na sio vizuri jina lipotee kimyakimya: Tumeamua, Kidogo Chetu, Mkono kwa Mkono, Funguo Tatu, na Jembe Halimtupi Mkulima. Hilo la mwisho lilikuwa zuri ila refu, katibu alijaribu kuliandika kwenye jalada la kitabu cha hisa likageuka kona likaingia kwenye mistari ya hisa.

Kuhusu kura zilivyopigwa, naeleza tena ili asije mtu akasema nje kwamba hakuona. Hatukutumia karatasi maana wapo kati yetu wasiosoma, na kumwandikia mtu kura ni sawa na kumpigia. Tuliweka mabakuli matano nyuma ya pazia, kila bakuli limefunikwa kitambaa cha rangi yake, kila rangi na jina lake, na rangi tukazirudia kwa sauti mpaka hata watoto waliokuwa wanachungulia dirishani wakazikariri. Kila mtu alipewa kokoto moja, akaingia peke yake, akatumbukiza, akatoka. Waliohesabu ni wale watatu mliowachagua nyie wenyewe, hakuna hata mmoja wa kamati, mimi nilikaa hapahapa nilipo sikugusa bakuli.

Kampeni zilikuwepo, tusidanganyane. Nimesikia kuna watu wamepita nyumba kwa nyumba, kuna aliyeahidi kumsaidia mwenzie kupalilia, kuna mama mmoja alitunga mpaka wimbo wa jina lake na wimbo wenyewe ulikuwa mtamu kuliko jina. Sina ugomvi na hilo, ilimradi hakuna aliyetishwa kuhusu mkopo wake. Na kama yupo aliyetishwa aje kwangu faragha baada ya kikao, hilo sio la mchezo hata kidogo.

Duru ya kwanza ilikuwa hivi. Jembe Halimtupi Mkulima kokoto 1. Kidogo Chetu 3. Tumeamua 5. Mkono kwa Mkono 9. Na Funguo Tatu 9 vilevile. Jumla 27, hakuna kokoto iliyozidi wala kupungua. Kwa sababu tulikubaliana mshindi apate zaidi ya nusu, yaani kuanzia 14, hakuna aliyefika, tukarudia kwa yale mawili ya juu, na hapo ndo nilipoona watu wazima wanashikana mikono wanaomba dua kana kwamba ni uchaguzi mkuu.

Duru ya pili: Mkono kwa Mkono wamepata 12.

Subirini, msipige kelele kabla sijamaliza, najua hesabu mnaijua, mmejifunza kutoa na kujumlisha kwenye vitabu vya hisa. Funguo Tatu wamepata 15.

Kwa hiyo natangaza rasmi mbele ya wanachama wote, kuanzia kikao hiki kikundi chetu kinaitwa FUNGUO TATU.

Haya, vigelegele, pigeni, pigeni mnaruhusiwa, leo hakuna faini ya kelele! Mweka hazina usiandike.

Basi tutulie. Mimi kura yangu ni siri kama ya kwenu, msiniulize niliweka wapi, lakini kwa kuwa jina limeshinda acha nilisemee kidogo. Sisi hapa tuna sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu ambao sio mwenyekiti, sio katibu, sio mweka hazina. Mtunza sanduku analala nalo chumbani lakini hawezi kulifungua. Wenye funguo wanaweza kufungua ila sanduku hawana, na mmoja wao asipokuja sanduku halifunguki, ndo maana mnaona tunasubiriana hata kama mvua inanyesha. Mimi na uenyekiti wangu wote siwezi kuchukua hata shilingi moja bila nyie kuona. Kuna vikundi vilivyokufa kwa sababu mwenyekiti alikuwa mtu mzuri sana, anaaminika, watu wakamwachia kila kitu, na huyo mtu mzuri akapata shida siku moja. Kwa hiyo mtu akikuuliza huko nje kwa nini mnaitwa hivyo, mwambie hakuna anayefungua peke yake, atakuelewa.

Na tusione kama mtindo huu tumeuokota njiani. Mwezeshaji alipotufundisha alisema haya mambo ya hisa, sanduku na kutopokea mtaji wa mtu wa nje yalianzia Niger mwaka 1991, kwa kina mama wa vijijini wakisaidiwa na shirika la CARE, na sasa yapo nchi kibao za Afrika. Kina mama wale walianza wenyewe kwa hela zao ndogondogo. Kwa hiyo nyie mnaonunua hisa moja moja kila wiki msijisikie vibaya mbele ya wanaonunua tano.

Wenzangu wa Mkono kwa Mkono, nyie 12, ni wengi nyie, ni karibu nusu ya kikundi. Nawaomba jambo moja tu, msiendelee kujiita hivyo pembeni. Nimeshasikia mtu anasema "sisi wa mkono tukae upande huu". Hapana. Viti haviendi kwa kura. Kamati ya mikopo haiangalii ulitumbukiza wapi kokoto, na haiwezi kujua. Na nyie 15 punguzeni mbwembwe, kucheka leo inatosha, wiki ijayo nikisikia mtu anamtania mwenzie kuhusu kura namtoza faini ya kukosa nidhamu ileile ya kawaida.

Sasa yanayobadilika na yasiyobadilika. Jina litaandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa katiba, kila mmoja ataweka sahihi au dole gumba leo kabla hajaondoka, kwa sababu tukienda kusajili watataka muhtasari wa kikao wenye sahihi za wanachama. Vitabu vya hisa vya zamani vinabaki vilevile, katibu ataandika tu jina jipya juu ya jalada, hakuna kununua vipya katikati ya mzunguko. Muhuri wa kugongea hisa haubadiliki. Deni lako la jana ni deni la leo, asije mtu akasema alikopa kwa Alhamisi na Alhamisi haipo tena! Mnacheka lakini yupo anayefikiria hivyo. Kikomo cha mkopo ni mara tatu ya hisa zako, kipo palepale.

Kuna suala la fulana. Nimepokea ombi la vijana tushone fulana zenye jina jipya. Mimi fulana nazipenda, ila hela ya hisa haishoni fulana, na mfuko wa jamii ni wa misiba na wagonjwa. Anayetaka achangie mfukoni mwake, mtachagua wenyewe mtu wa kukusanya, na asiyetaka asinyooshewe kidole. Kwa kweli ningependa tufike mgao kwanza, mtu avae fulana akiwa ameshaezeka.

Nawashukuru waliohesabu, wamehesabu mara mbili mbele yetu bila kununa. Nawashukuru waliotoa mabakuli, mje kuyachukua, la kijani lina ufa lakini lilikuja nao. Na namshukuru mama aliyependekeza Funguo Tatu, simami naye hapa mbele kwa sababu mwenyewe kaniomba nisimtaje, kasema jina sio lake tena ni la watu wote, basi nami namheshimu.

Mgeni yeyote akija, akiuliza mnaitwaje, mjibu nyote kwa pamoja, tujaribu mara moja: sisi ni nani? ... Siwasikii, hata kuku wa nje wanapiga kelele kuliko nyie. Sisi ni nani? ... Ndo hivyo.

Mimi nimemaliza. Katibu chukua kitabu, tunaingia kwenye hisa, muda umekwenda na wengine wana watoto wa kuwapikia. Namba moja, njoo na kitabu chako, namba mbili ajiandae. Na namba saba, ulichelewa, nilikuona, faini yako kwanza.